Akiba ya Nyumba Moja, Mapato Mawili Yasiyolingana



Ndugu msomaji, mashauri ya ndoa yanayofikishwa mbele ya kamati za misikiti ni machache sana yanayoanza kwa kutaja fedha. Huanza kwa jambo jingine: safari isiyoagwa, mgeni asiyetarajiwa, simu iliyopokelewa nje ya mlango. Wazee wakisikiliza kwa utulivu nusu saa hivi, hudhihirika kwamba chini ya maneno yale kuna kiwanja, au ada ya shule, au kibubu kilichovunjwa bila taarifa. Ndiyo maana juma hili tumeona tulizungumze jambo lenyewe moja kwa moja: mume na mke ambao mapato yao yamepishana sana, nao wanataka kuweka akiba kwa ajili ya lengo moja.

Huku kwetu Matongo jambo hili lina sura yake. Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, zipo nyumba ambazo mume ameajiriwa mgodini au kwa mkandarasi wa mgodi, anapokea mshahara benki kila mwisho wa mwezi, ilhali mke anauza vitenge au dagaa pale Nyamongo na kupata faida inayopanda na kushuka kama maji ya Mto Mara. Zipo pia nyumba za kinyume chake. Mke ni muuguzi au mwalimu mwenye mshahara wa serikali, na mume ni mkulima au mchimbaji mdogo, ambaye huweza kukaa miezi miwili bila shilingi na mwezi wa tatu akapata kuliko mshahara wa mkewe mara tatu. Mmoja akipata mara saba ya mwenzake, na wote wawili wanataka kiwanja kimoja, kila mmoja atoe kiasi gani?

Majibu yanayosikika mitaani ni mawili. La kwanza ni nusu kwa nusu, kwa hoja kwamba kiwanja ni cha wote. La pili ni kwamba kila kinachoingia kitumbukizwe katika chungu kimoja na kusiwe na changu wala chako. Yote mawili yana sauti nzuri, na yote mawili huleta dhiki. Nusu kwa nusu humtoza mwenye kidogo hadi mtaji wake ukaisha. Chungu kimoja nacho hakijali kwamba chungu kina mshikaji, na aghalabu mshikaji ni yule mwenye mshahara mkubwa, au yule ambaye laini ya simu imesajiliwa kwa jina lake. Tena kinapingana na jambo ambalo Uislamu umelisema wazi: Surat An-Nisaa, aya ya 32, imethibitisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Ndoa haiunganishi miliki. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 58, inasema kwamba kuoana peke yake hakubadili umiliki wa mali ya mume au ya mke. Kuchanganya ni hiari, na kwa kuwa ni hiari, kunahitaji makubaliano.

Kabla hatujafika kwenye akiba, kuna hesabu inayotangulia, nayo ni nafaka. Sisemi mahindi, nasema matumizi ya lazima ambayo mume anawajibika kuyatoa: chakula, mavazi, makazi, na mengine yanayokwenda na hayo kwa kadiri ya desturi njema. Wajibu huu ni wa mume hata kama mke ni tajiri, na kipimo chake, kwa mujibu wa Surat At-Talaq, aya ya 7, ni uwezo wa mume mwenyewe: mwenye wasaa kwa wasaa wake, na aliyebanwa kwa kile alichoruzukiwa. Maana yake kwa mada yetu ni kwamba nafaka isihesabiwe kama mchango wa mume katika akiba, na akiba isichotwe kutoka katika nafaka. Mume anayesema, "Mimi nimelisha mwaka mzima, wewe nunua kiwanja," amelipa deni lake na kuliita mchango. Na mke ambaye faida ya biashara yake imeanza kuziba pengo la unga na mkaa bila wenyewe kulizungumza, atajikuta mwisho wa mwaka hana akiba, wala hana ushahidi kwamba alitoa kitu.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona. Fedha ya matumizi aliyokuwa akiacha mume ilikuwa kiasi fulani kabla mke hajaanza biashara. Biashara ikaanza, na miezi mitatu baadaye ile fedha imepungua, wala hakuna aliyetamka neno. Hapo mapato hayajaunganishwa, ila mzigo umehama kimyakimya.

Sasa tuchukue mfano. Tarakimu hizi nimezitunga mimi ili hesabu ifuatike, si za nyumba yoyote. Tuseme mume ni dereva wa mtambo kwa mkandarasi, na baada ya kodi ya mapato, makato ya NSSF na mengineyo, kinachofika mkononi ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Mke anauza vitenge. Mwezi mzuri anapata faida ya 400,000, mwezi mbaya 150,000. Wana watoto watatu, na lengo lao ni kiwanja cha shilingi 6,300,000.

Jambo la kwanza ni kukubaliana mapato yapi yahesabiwe. Kwa mume ni kile kinachofika mkononi, si kile kilichoandikwa juu ya karatasi ya mshahara, na marupurupu ya kazi ya ziada yasiingizwe, kwa kuwa mwezi huu yapo na mwezi ujao hayapo. Kwa mke mwenye faida inayoyumba, wengi hukosea kwa kuchukua mwezi mzuri, au kwa kuchukua wastani wa mwaka. Wastani unadanganya, kwa sababu miezi mibaya huja imefuatana, kama ile ya kabla ya mavuno ambapo watu hawanunui nguo. Ninavyoona mimi, achukue miezi yake mitatu dhaifu kuliko yote katika mwaka uliopita, atafute wastani wa hiyo peke yake, na ahadi yake ijengwe juu ya hapo. Katika mfano wetu tuseme wastani huo ni 200,000. Mwezi utakaoleta zaidi, ile ziada ni yake, na akitaka kuongeza ataongeza kwa ridhaa yake.

Jambo la pili ni kuondoa yaliyo lazima kwa kila mmoja. Mume anatoa nafaka ya nyumba na gharama za watoto, jumla 700,000. Anamtumia mama yake mzazi 100,000, na nauli yake, simu yake na mahitaji yake binafsi ni 100,000. Anabakiwa na 600,000. Mke, kutoka katika zile 200,000, anaweka 40,000 kukuza mtaji, na 60,000 ni mahitaji yake na anachowasaidia wazazi wake. Anabakiwa na 100,000. Naomba msomaji azingatie kwamba wazazi wa pande zote mbili wameingia katika hesabu mapema na hadharani. Nyumba nyingi huandika malengo mazuri bila kumtaja bibi aliyeko kijijini, kisha bibi akiugua lengo linapasuka, na lawama zinamwangukia mtoto wake, kana kwamba kumtunza mzazi ni wizi.

Jambo la tatu sasa ni jepesi. Mume ana ziada ya 600,000, mke ana ziada ya 100,000. Uwiano wao ni sita kwa moja. Wakikubaliana kuweka 350,000 kila mwezi, mume atatoa 300,000 na mke 50,000. Kila mmoja ametoa nusu ya ziada yake. Wote wameumia sawa, ingawa shilingi zao hazilingani. Wangefuata nusu kwa nusu, kila mmoja angetakiwa kutoa 175,000. Mke hana kiasi hicho, na hizo 75,000 zinazopungua angezitoa kwenye vitenge. Baada ya miezi sita au minane duka lingekuwa tupu, na nyumba ingekuwa na pato moja badala ya mawili.

Wapo wanaopendelea kugawa kwa uwiano wa mapato yote badala ya ziada. Ni bora kuliko nusu kwa nusu, lakini kuna kasoro: humfanya mtu anayelisha vinywa vingi aonekane tajiri kuliko alivyo. Ziada ndiyo uwezo wa kweli wa kuweka akiba.

Fedha hizo 350,000 ziende wapi kwanza? Hapa vijana wetu wana haraka ya kiwanja. Lakini ajira ya mkandarasi ni ya mkataba, na mkataba huisha. Nyumba inayotumia 700,000 kwa mwezi inahitaji walau miezi mitatu ya matumizi pembeni kabla haijaanza lengo lolote kubwa, yaani 2,100,000. Kwa 350,000 kwa mwezi hiyo ni miezi sita. Kisha kiwanja, 6,300,000, ni miezi 18 mingine. Jumla ni miaka miwili kamili. Mkataba wa mume ukiwa umebaki mwaka mmoja na nusu tu, basi lengo hili ni kubwa kuliko muda wao, na ni afadhali wajue leo: ama watafute kiwanja kidogo, ama wazungumze na muuzaji alipwe kwa awamu kwa bei moja isiyoongezeka, ama waongeze kiwango cha akiba kutoka nusu ya ziada hadi theluthi mbili.

Tuseme kazi imekatika mwezi wa 15. Akiba ya dharura imekamilika, na fungu la kiwanja lina miezi tisa ndani yake: mume 2,700,000 na mke 450,000. Kilichokubaliwa tangu mwanzo ndicho kitakachowaokoa au kuwagombanisha. Akiba ya dharura itaendesha nyumba kwa miezi mitatu, na mchango wa kiwanja utasimama kwa wote wawili, si kwa mume peke yake, kwa sababu uwiano umebadilika na hesabu lazima ifanywe upya. Fungu la kiwanja lisiguswe mpaka ile miezi mitatu iishe, na likiguswa, kiingie kwanza kile cha mume, kwa kuwa nafaka ni juu yake. Sentensi hii ya mwisho ni nzito kuitamka wakati kazi imeshapotea. Ndiyo maana iandikwe wakati kazi ipo.

Nimesema iandikwe, nami najua kwamba wapo watakaokunja uso. Kuandikiana na mke wangu? Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni, na haikuwavua watu wa nyumba moja. Madhara ya kutoandika nitayaonyesha kwa hesabu ileile.

Tuseme kila kitu kimekwenda sawa. Kiwanja kimenunuliwa kwa 6,300,000. Mume ametoa 5,400,000 na mke 900,000. Kwenye mkataba wa mauziano, mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi, limeandikwa jina la mume peke yake, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka. Mume akafariki, Allah amrehemu, ameacha mke na watoto. Katika mirathi, mke mwenye watoto wa marehemu hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Ndugu wa marehemu wanakihesabu kiwanja chote kuwa ni urithi. Thumuni ya 6,300,000 ni 787,500. Mama huyu amepata pungufu ya kile alichotoa mwenyewe, wala hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Ndugu wamesoma jina lililopo kwenye karatasi.

Laiti ingeandikwa kwamba sehemu moja katika saba ya kiwanja ni ya mke, ile 900,000 yake ingetolewa kwanza, maana si mali ya marehemu. Urithi ungekuwa 5,400,000, thumuni yake ni 675,000, na jumla yake ingefika 1,575,000. Ni maradufu kamili, na tofauti yote imeletwa na mstari mmoja wa wino. Upande wa pili nao ni hivyohivyo: mke akifariki kwanza, sehemu yake katika kiwanja ni urithi wa watoto wake, wa mumewe na wa wazazi wake waliopo, na mume hana haki ya kuimeza kwa kuwa jina ni lake.

Sheria ya nchi inakwenda katika njia inayofanana. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kwamba wana haki sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Angalia jambo hili vizuri. Kuandika majina mawili bila maelezo hakumaanishi sita kwa moja. Kunamaanisha nusu kwa nusu. Kama mume anataka hivyo, ni wema, lakini aujue kuwa ni hiba, yaani zawadi, aitamke akiwa mzima na amkabidhi mkewe. Akiwa katika maradhi ya mauti, zawadi hiyo hupewa hukumu ya wasia, na wasia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Kama hataki, basi waandike majina yote mawili na mafungu yao. Kwa ardhi ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Na ile karatasi yao ya mafungu, yenye saini zao na za mashahidi, ihifadhiwe nakala mbili mahali pawili.

Kuna mchango mwingine ambao daftari la shilingi halioni. Mke amejifungua, miezi minne hakwenda sokoni. Je, 50,000 zake za kila mwezi zimekufa? Kwa wanazuoni wengi wa madhehebu ya Imam Shafi, kazi za kupika na kufua hata si wajibu wa mke kwa mkataba wa ndoa; azifanyapo, ni ihsani yake. Nayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. (Mama yule hata hivyo hakupata alichodai, kwa sababu Mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha za mradi wa familia na hazikutumika ipasavyo. Daftari lina makali pande zote mbili.) Kwa hiyo naona ni uadilifu kwamba miezi ile minne, mume aweke 350,000 zote kama ana uwezo, na 50,000 kati ya hizo ziandikwe kwa jina la mke. Jumla ni 200,000 tu. Kwa mume mwenye ziada ya 600,000 haziwezi kumwangusha. Kwa mke ni kubaki ndani ya lengo badala ya kuachwa njiani na kitoto mgongoni.

Ile nyumba ya kinyume, ambamo mke ndiye mwenye mshahara mkubwa, inahitaji neno lake. Tuseme muuguzi anapata 900,000 mkononi, na mume mchimbaji mdogo, kwa miezi yake mitatu dhaifu, ana wastani wa 150,000. Nafaka bado ni juu ya mume, lakini kwa uwezo wake, na uwezo wake ni mdogo. Atoe basi 120,000 kila mwezi bila kukosa, ijulikane kuwa ndiyo nafaka yake, hata kama haitoshi. Kinachopungua mke akikijaza, kina majina mawili tu: ni sadaka, au ni deni. Bibi Zainab, mke wa Abdallah bin Mas'ud (r.a.), alikuwa na uwezo na mumewe alikuwa mtu wa kipato kidogo, alipouliza kama matumizi yake kwa mumewe na mayatima aliowalea yanatosha kuwa sadaka, Mtume (s.a.w.) alijibu kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Ni mlango mkubwa kwa akina mama wenye kipato. Lakini sadaka ikishatolewa haidaiwi. Mke akijua moyoni kwamba siku ya ugomvi atasema, "Mimi ndiye niliyekulisha," basi bora aseme leo kwamba anakopesha, iandikwe kiasi, na mume akipata mwezi mnono alipe. Ukopeshaji wa wazi hauvunji heshima ya mume. Kinachoivunja ni sadaka iliyogeuzwa kuwa deni mbele ya wakwe.

Na mwezi ule mnono ukija, hapo ndipo pana majaribu, kwa kuwa fedha ya dhahabu ina marafiki wengi. Ikubalike kabla: kila kinachozidi ile 150,000 kigawanywe siku ileile kinapofika, sehemu moja ilipe nafaka ya miezi iliyopungua, sehemu ya pili iende kwenye lengo la pamoja, na sehemu ya tatu iwe yake. Akisubiri wiki moja, ile sehemu ya tatu itakuwa imeziwahi nyingine mbili. Fidia ya ardhi nayo, ambayo kwetu ni jambo la kila siku, isiingizwe katika uwiano wa mwezi kabisa. Ni badala ya shamba, si mapato. Kama shamba lilikuwa la urithi wa mmoja wao, fedha ni ya huyo mmoja. Kama mazao na nguvu zilikuwa za wote, wakae chini na wagawane kabla ya kufikiria bati na pikipiki. Na wale wanaojenga tegesha kwa akiba ya nyumba, wakitarajia kuthaminiwa na mgodi, wajue wameitoa fedha ya watoto kwenda kuibahatisha, na mwenzao aulizwe kwanza.

Limebaki swali la mahali pa kuweka. Kibubu kina faida moja, kwamba hakina riba, na hasara moja, kwamba kina nyundo. Laini ya simu ni ya mtu mmoja kisheria, na akifariki, fedha iliyomo husubiri taratibu za mirathi. Kwa lengo la miaka miwili ninapendelea akaunti ya pamoja katika benki yenye huduma za Kiislamu. Zipo sasa, Amana Bank tangu mwaka 2011, na mabenki mengine yaliyofungua madirisha yao. Mkifungua, karani atauliza kama fedha itolewe kwa saini ya mmoja wenu yeyote au kwa saini zenu wote wawili. Swali hilo hupita haraka, lakini msilijibu haraka. Kwa akiba ya dharura, saini ya mmoja inafaa, maana mtoto akiugua usiku na baba yuko zamu, mama asizuiwe na karatasi. Kwa fungu la kiwanja, saini mbili. Hivyo ni akaunti mbili, na gharama zake ziulizwe kabla ya kusaini.

Daftari lenyewe lisiwe kubwa. Mistari mitatu kwa mwezi inatosha: mume ameweka kiasi gani, mke ameweka kiasi gani, nani ametoa nini na kwa idhini ya nani. Wakutane nalo mara moja kwa mwezi, siku ambayo mshahara umeingia na soko limefungwa, watoto wakiwa wamelala. Na kila baada ya miezi sita warudie hesabu ya ziada tangu mwanzo, kwa sababu faida ya vitenge inaweza kupanda, mkataba wa mgodini unaweza kupungua, na sita kwa moja ya mwaka huu inaweza kuwa mbili kwa moja mwakani.